Kwa nini A haikumpandisha daraja

Vijana wetu wa Mombasa, Kwale na Lamu wanaosoma Tanzania Bara au Zanzibar hurudi na transkripti ambayo wazazi hawaielewi. Mara nyingi naletewa karatasi hizo nizisome, na swali huwa ni lile lile: mbona wastani uko chini na gredi ni nzuri?

Jibu liko kwenye safu ya krediti, ile ambayo wengi huiruka. Krediti ni uzito wa somo, yaani kazi inayohesabiwa kwa somo hilo. Gredi nayo hubadilishwa kuwa pointi. Katika kipimo cha 5 kinachotumika Tanzania, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, majibu yakajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa krediti zote. Hiyo ndiyo GPA.

Tuchukue mfano wa muhula wenye masomo manne. Uhasibu una krediti 12, amepata C: 24. Takwimu krediti 12, B: 36. Mawasiliano krediti 8, A: 40. Kompyuta krediti 8, B+: 32. Jumla ni 132, nazo krediti ni 40. Gawanya, utapata 3.3.

Mzazi akijumlisha pointi nne hizo bila krediti na kugawanya kwa 4, atapata 3.5, kisha adhani mwanawe ameonewa. Tofauti hiyo si ndogo. Daraja la pili la juu huanzia 3.5, mwenye 3.3 yuko daraja la pili la chini, na ziko nafasi za kazi na za masomo zinazomfungia mlango hapo.

Sasa tazama palipo na faida. Kijana huyu angepandisha Kompyuta kutoka B+ hadi A, angeongeza 8, na GPA ingekuwa 3.5. Angepandisha Uhasibu hatua ile ile moja, kutoka C hadi B, asingeongeza 8 bali 12, na GPA ingefika 3.6. Jasho la somo zito hulipa zaidi, na uzembe wake hukata zaidi.

Jambo la mwisho ni kipimo chenyewe. Baadhi ya vyuo, hata hapa Kenya, hutumia kipimo cha 4, ambacho A yake ni 4. Kwa hiyo 3.5 ya kule na 3.5 ya huku hazilingani: moja ni kati ya 5, nyingine kati ya 4. Kabla ya kumsifu au kumgombeza mtoto, tafuteni kwenye transkripti maelezo ya gredi, ambayo mara nyingi huchapishwa chini au nyuma ya karatasi, muone A imepewa pointi ngapi. Kisha chukueni kalamu mzidishe wenyewe. Hesabu ikikataa kulingana na iliyoandikwa, hapo ndipo pa kwenda kuuliza ofisi ya mitihani.