Kutoka Sakafu ya Kanisa Hadi Kopo la Krimu

Mwaka 1950, msanifu wa herufi kutoka Ujerumani, Hermann Zapf, alizuru kanisa la Santa Croce mjini Florensi. Sakafuni mlikuwa na mabamba ya makaburi ya kale, na maandishi yake yakamnasa. Herufi zile hazikuwa na vijiguu vinavyofunga ncha za herufi za vitabuni, ila kila mstari ulinenepa kidogo ulipokaribia mwisho. Hakuwa na karatasi, akazichora kwenye noti ya lira 1000. Mwaka 1958 zikatoka kama fonti inayoitwa Optima.

Ndiyo fonti iliyotumika kuandika jina la Estée Lauder, na imo kwenye lebo za chupa za kahawia za Aesop, kampuni iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1987. Mnunuzi hajui habari za makaburi, lakini jicho lake linaona mstari unaopungua katikati na kutanuka nchani, kama uliochongwa kwa patasi, na linaupokea kama kazi ya mkono uliotulia.

Fonti peke yake haitoshi. Chukua jina la losheni, liandike kwa Optima nene, lijaze upana wote wa kopo, lizungushie ukingo mweupe na kivuli: umepata bidhaa ya bei ya chini, inayomwita mpita njia kutoka mbali. Sasa liandike upya kwa herufi kubwa nyembamba zenye kimo cha milimita 3, zitenganishe kwa takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa fonti, kisha uache sehemu kubwa ya lebo tupu. Maneno ni yaleyale, lakini sasa mnunuzi ndiye anayelazimika kusogea.

Wengi hukimbilia Didot au Bodoni, fonti zilizozaliwa Paris na Parma mwishoni mwa karne ya 18, ambazo mistari yake minene inapakana na mingine myembamba kama unywele. Kwenye jalada la gazeti la mitindo zinapendeza mno. Kwenye kopo dogo huwa mtego. Zikiandikwa kwa pointi 6, unywele huo hushuka chini ya milimita 0.1, na maandishi yakiwa meupe juu ya rangi nyeusi, wino huvuja pembeni na kuuziba. Herufi E hubaki nguzo na vipande vinavyoelea. Kasoro hiyo huipunguzia bidhaa hadhi kuliko fonti ya kawaida iliyochapwa vizuri.

Tangu mwaka 2016 kuna pia The Ordinary ya Kanada, yenye bei nafuu. Lebo yake ni nyeupe, herufi zake ni ndogo na hazina pambo lolote, nazo hutaja kiambato na asilimia yake kama chupa ya maabara. Haijivishi dhahabu, wala haipigi kelele za bei rahisi, na chupa yake husimama bila aibu kando ya krimu zinazoizidi bei mara nyingi.