Kazi Inapokufuata Kitandani

Siku tatu baada ya Hitler kushika madaraka, mwishoni mwa Januari 1933, mwenye kiwanda mmoja huko Ujerumani aliota kwamba Joseph Goebbels amekuja kukitembelea kiwanda chake. Wafanyakazi wamepangwa safu mbili, wanatazamana. Mwenye kiwanda yuko katikati yao na anatakiwa ainue mkono kumpigia mgeni saluti ya chama. Mkono haupandi. Unamchukua nusu saa nzima kuuinua, kidogo kidogo, na muda wote huo Goebbels anamtazama tu, hafurahi wala hakasiriki. Mkono ukishafika juu, Goebbels anamwambia kuwa saluti yake haitaki, anageuka, anachechemea kuelekea mlangoni. Bwana yule anabaki amesimama, mkono hewani, mbele ya watu wake wote, mpaka anapoamka.

Ndoto hii iliandikwa na Charlotte Beradt, mwandishi wa habari Myahudi wa Berlin, aliyekuwa akiwauliza watu kimyakimya wanaota nini chini ya utawala ule. Aliyoyakusanya aliyaficha ndani ya majalada ya vitabu na kuyapeleka nje ya nchi, kisha mwaka 1966 akayatoa kama kitabu. Anatueleza kwamba mwotaji alikuwa mtu wa miaka kama 60, mwanachama wa Sosho-Demokrati, na kwamba miongoni mwa wafanyakazi wake walikuwamo wenzake wa chama hichohicho aliokuwa nao kwa miaka mingi. Kiwanda kilikuwa ndiyo heshima yake. Ndoto ikamrudia mara kwa mara, kila safari imeongeza jambo: safari moja jasho linamtiririka usoni kama machozi, safari nyingine uti wa mgongo unavunjika kwa kuusukuma ule mkono.

Sasa tazama kilichokuwapo na ambacho hakikuwapo. Wiki ile Goebbels hakuwa hata waziri, maana uwaziri aliupata Machi. Saluti ile ilifanywa lazima kwa watumishi wa serikali Julai. Kwa hiyo bwana yule hakuwa akiona tena jambo lililompata mchana. Kilichoingia kwenye ndoto ni swali lililokuwa limemkaa kifuani: nitalazimishwa kuinama mbele ya watu wanaoniheshimu, na nikishainama nitakuwa nani kwao?

Wanasaikolojia wanaiita hii dhana ya mwendelezo, yaani kwamba yanayomshughulisha mtu akiwa macho huendelea kumshughulisha akiwa usingizini. Aliyeijengea msingi ni Mmarekani Calvin Hall, aliyekusanya maelfu ya ndoto za watu wa kawaida, na mwaka 1966 yeye na Robert Van de Castle wakachapisha utaratibu wa kuhesabu yaliyomo: nani yumo, nani anamshambulia nani, hisia gani zimetajwa, nani ameshindwa. Kabla yake wengi walizitazama ndoto kama mafumbo yanayohitaji mfumbuzi. Hall aliona kwamba nyingi husema waziwazi. Kwa wasomaji Waislamu hili si geni kabisa, kwa sababu Hadithi zinazogawa ndoto mafungu matatu hulitaja moja kuwa ni yale mtu anayojizungumzia nafsini mwake.

Lakini ni lipi hasa linaloendelea? Hapo ndipo watu hupotea. Mtu akisikia kwamba ndoto hurudia ya mchana, hungoja kuona filamu ya siku yake, na asipoiona husema dhana ni ya uongo. Mwaka 2003 Magdalena Fosse na wenzake walitoa matokeo ya watu 29 walioandika ndoto zao kwa siku 14. Katika ndoto 299 zilizopatikana, asilimia 65 zilikuwa na kitu cha maisha yao ya karibuni. Ndoto zilizorudia tukio lenyewe, mahali palepale, watu walewale, mambo yaleyale, hazikuzidi asilimia 1 au 2. Hisia na hofu huvuka, ila mandhari hujengwa upya usiku.

Ndiyo maana keshia wa benki aliyepungukiwa fedha wakati wa kufunga hesabu, akaambiwa upungufu utakatwa kwenye mshahara, huenda asiote noti hata moja. Anaweza kuota yuko shule ya msingi, mtihani umeanza, kalamu haipo, na msimamizi ni yule meneja wa tawi. Kusoma, kuandika na kupiga hesabu huonekana kwa nadra sana katika ndoto, hata kwa watu ambao kazi yao ni hiyo kutwa nzima. Ernest Hartmann wa Boston alilionyesha hilo. Kinachoonekana ni kuchelewa, kukaguliwa, kuumbuka mbele ya watu. Michael Schredl wa Mannheim, aliyefuatilia ndoto za kazini kwa miaka, ameona kwamba uzito wa kazi ya mchana huonekana katika uchungu wa ndoto zinazoihusu.

Nalipenda hasa jambo moja alilolisimulia Hall. Bomu la atomiki lilipodondoshwa Japani mwaka 1945, yeye alikuwa katikati ya kukusanya ndoto za wanafunzi. Dunia nzima ilikuwa ikilizungumza, na katika ndoto zile bomu halikutajwa. Lilikuwa habari kubwa, ila halikuwa limegusa mapenzi yao, wazazi wao, wala mitihani yao. Siasa za Berlin zilimwingia mwenye kiwanda usingizini kwa sababu zilikwisha kuingia kwenye sakafu ya kiwanda chake.

Udhaifu wa dhana hii ni kwamba ukishaamka ni rahisi kuunganisha chochote na chochote. Anayetaka kujipima kwa haki aanze jioni: kabla ya kulala aandike mambo mawili matatu yanayomkera, akunje karatasi. Asubuhi aandike ndoto kabla hajashika simu, akitanguliza hisia, kisha watu na mahali. Zikifika wiki tatu hivi, ampe mtu mwingine karatasi za jioni na za asubuhi zikiwa zimechanganywa bila tarehe, ajaribu kuzioanisha. Akishindwa kupita kiwango cha kubahatisha, basi uhusiano ulikuwa machoni pa mwotaji. William Domhoff wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz hufanya jambo la namna hiyo kwa upande wa pili: husoma ndoto za mtu asiyemjua, huandika makisio kuhusu mahusiano na wasiwasi wake, ndipo mwenyewe huulizwa. Ndoto moja moja humwambia machache. Mamia ya ndoto za mtu mmoja humwambia mengi, hasa kuhusu watu ambao mwotaji hajamalizana nao.

Kuna ndoto zinazotoka nje ya utaratibu huu. Mtu aliyevamiwa kazini na majambazi, au nesi aliyefiwa na mgonjwa mikononi kwa namna ya kutisha, anaweza kuota tukio lilelile, vilevile, usiku baada ya usiku. Huo ni mshtuko ambao haujapoa, na anastahili kumwona daktari. Kwa jinamizi kama hilo ipo tiba ambayo Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliodhulumiwa kingono, wakatoa matokeo mwaka 2001. Mgonjwa huiandika ndoto, hubadilisha sehemu yake yoyote apendavyo, kisha kila siku akiwa macho huipitia akilini ile iliyobadilishwa kwa dakika chache. Majinamizi yalipungua kwa wengi wao na usingizi ukawa bora. Inafanya kazi kwa mlango uleule ambao bosi mkali huingilia: fikra ya mchana iliyorudiwa kwa makusudi, nayo hupata nafasi usiku.