Umri Usiwe Jibu la Kwanza

Tangu maandamano ya Juni 2024, neno Jenzi limeingia hadi katika mikutano ya kazi hapa Kisumu. Kijana akijibu mkubwa wake, ni Jenzi. Mzee akichelewesha ripoti, ni wa zamani. Mwaka 2020, Akademia za Kitaifa za Sayansi nchini Marekani zilichapisha ripoti kuhusu kuwagawa wafanyakazi kwa vizazi. Wataalamu wake walisema tafiti nyingi zimeshindwa kutenganisha kizazi na umri wenyewe, au na hali ya nyakati, wakashauri wasimamizi wasivitegemee vizazi katika kuongoza watu.

Tuchukue mfano wa kubuni katika ufuo kama Dunga. Makarani sita wanasajili samaki kwa simu: watatu wamepita miaka 50, watatu hawajafika 30. Kwa mwezi mmoja kila kundi limetuma rekodi 120. Za wazee zilizochelewa ni 30, za vijana 18. Mwenyekiti wa ufuo anaamua kwamba wazee hawaiwezi simu.

Kabla ya kuamua hivyo, angepanga rekodi hizo kwa zamu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo alfajiri mitumbwi huingia kwa pamoja, na akina mama wanunuzi hawana subira. Mbuta na ngege katika ufuo huu wa mfano huja baadaye, kidogo kidogo. Wazee, kwa kuwa wanaheshimika na wanunuzi, ndio waliopewa alfajiri. Kati ya rekodi zao 90 za alfajiri, 27 zilichelewa. Vijana walikuwa na 30 za zamu hiyo, zikachelewa 9. Mchana wazee walichelewesha 3 kati ya 30, vijana 9 kati ya 90. Hesabu ni ileile: alfajiri tatu katika kila kumi, mchana moja. Kinachochelewesha ni msongamano wa alfajiri, na dawa yake ni kuongeza karani wa pili saa hiyo. Kumpeleka mzee mafunzo ya simu kungemvunjia heshima bure, na rekodi zingeendelea kuchelewa.

Watu sita ni wachache, kwa hiyo nisingeishia hapo. Wabadilishane zamu kwa wiki mbili. Ucheleweshaji ukibaki alfajiri, tatizo ni la zamu. Ukimfuata karani mmoja, mwite pembeni umuulize anakwama wapi.

Umri nao una yake, sikatai. Baada ya miaka 40 hivi, macho ya wengi huanza kushindwa na maandishi madogo ya karibu, hasa mwanga ukiwa hafifu. Lakini kijana naye anaweza kuwa na macho mabovu. Kuza herufi kwenye simu zote sita, weka taa mezani, na usiwaulize miaka yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na hapo mzee na kijana wako sawa.