Kadi za mchezo wa harusi: maswali ndiyo bidhaa yenyewe

Kama tayari unauza kadi za mialiko au mapambo ya harusi mtandaoni, hii unaweza kuiongeza. Mimi niko Kigoma, nauza bahasha ya kadi 40 za kuwachangamsha ndugu wa pande mbili wanaokutana mara ya kwanza. Karatasi moja ya manila ya A4 naikata vipande 8, kwa hiyo karatasi 6 zinatosha shughuli nzima. Kazi ipo kwenye maswali.

Chukua mfano bibi harusi ni wa Ujiji na bwana harusi ni wa Kasulu. Naomba kila upande unitumie kwa WhatsApp mambo 10 kuhusu ndugu zao watakaokuwepo, na kila mhusika awe amekubali jambo lake litajwe. Halafu nageuza: mambo ya Ujiji yanaingia kwenye kadi za njano, wanazopewa watu wa Kasulu. Ya Kasulu yanaingia kwenye za bluu, za watu wa Ujiji. Kila jambo linakaa kwenye kadi 2. "Tafuta aliyewahi kusafiri na meli ya Liemba." "Tafuta anayesifiwa kwao kwa kupika migebuka kwa mawese." Akimpata, yule aliyetafutwa anaweka sahihi nyuma ya kadi. Bila hiyo sahihi watu wa meza moja watanong'onezana majibu, na hakuna atakayenyanyuka kwenye kiti.

Sasa hapa ndipo wauzaji wengi wanapoharibu: utani. Shemeji na shemeji wanataniana, wifi na wifi hivyo hivyo, babu na mjukuu ndio usiseme. Ila mkwe ni wa heshima. Niliwahi kuona kadi ya mtu inasema "igiza mama mkwe anavyotembea", ukumbi mzima ukanyamaza kimya, na MC akabaki kuita muziki. Kwa hiyo kadi za kuigiza na kuimba nawapa mashemeji na wajukuu tu. Wakwe na wazee wanabaki wamekaa, vijana ndio wanawafuata na kuwasalimia kwanza. Maswali ya umri, idadi ya watoto, ndoa za zamani na mahari siyaandiki hata mteja akisisitiza.

Uliza pia kama wanawake na wanaume watakaa pamoja. Shughuli nyingi za Ujiji wanakaa mbalimbali, basi unatengeneza seti mbili ndogo za kadi 20, na majibu ya kila seti yawe ndani ya kundi hilo hilo.

Mchezo uchezwe kabla ya chakula, dakika 15 zinatosha. Pilau ikishaliwa, sahau.

Oda naifunga siku 4 kabla ya shughuli, kwa sababu jambo la ndugu ambaye hatakuja linaacha watu 2 wakizunguka ukumbini kumtafuta asiyekuwepo. Kadi 2 tupu za akiba naziweka kwenye bahasha, MC aandike mwenyewe hapo hapo.