Elfu tatu ya mboga: Nyama robo, au maharage, dagaa na yai?

Mzazi mwenye shilingi 3,000 ya mboga kwa siku huwa na njia mbili. Anaweza kwenda buchani kukatiwa robo ya nyama ya ng'ombe, au akapita gengeni kuchukua maharage na dagaa. Wengi huona nyama ndiyo chakula cha kujenga mwili na maharage ni ya kusukuma siku tu. Hesabu inaonyesha vingine.

Tuchukue bei za mfano, nawe uweke za sokoni kwako: nyama kilo shilingi 12,000, dagaa wakavu kilo shilingi 12,000, maharage makavu kilo shilingi 3,000 na yai moja shilingi 400.

Sehemu kubwa ya nyama mbichi ni maji, hivyo robo kilo ya steki ina takribani gramu 50 za protini. Yenye mifupa ina pungufu zaidi. Dagaa wakavu maji yao yameshaondoka, na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kwa bei ileile ya kilo, wanakupa zaidi ya mara mbili ya nyama. Maharage makavu yana karibu gramu 21 katika kila gramu 100.

Sasa gawa ile elfu tatu. Nusu kilo ya maharage ni shilingi 1,500, inakupa takribani gramu 105. Dagaa wa shilingi 1,000 ni kama gramu 80, wanakupa karibu 45. Yai moja la mtoto mdogo ni shilingi 400, lina gramu 6. Umetumia shilingi 2,900 na umepata zaidi ya gramu 150, mara tatu ya ile robo ya nyama. Baba, mama na watoto watatu wadogo wanahitaji takribani gramu 160 kwa siku, na pengo hilo dogo linazibwa na ugali wenyewe. Protini ya mahindi na ya maharage hukamilishana, kwa hiyo ni vizuri viliwe siku moja.

Maharage yana gharama ya mkaa

Unafuu wa maharage unaweza kuishia jikoni. Yaloweke tangu usiku, asubuhi mwaga maji hayo na uchemshe kwa maji mapya. Yataiva mapema na gesi tumboni itapungua. Epuka yaliyokaa ghalani muda mrefu, maana hayo hata ukiyaloweka huchelewa kuiva. Ukinunua, chukua yenye rangi ya kung'aa, yasiyokunjamana wala kutobolewa na wadudu.

Usinunue mchanga

Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga huo unapimwa kwenye mizani pamoja na samaki. Chukua wachache, wasugue kiganjani. Kama vumbi linabaki mkononi, bei ya chini uliyotajiwa si ya chini kweli. Wa kwenye vichanja wanaweza kuwa ghali kidogo, lakini unalipia dagaa. Wenye harufu ya mafuta yaliyochacha au wanaonata kwa unyevu, waache.

Tumbo la mtoto ni dogo

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takribani gramu 13 za protini kwa siku, lakini hawezi kumaliza bakuli kubwa la maharage ili azipate. Hapo ndipo yai na dagaa vinapofaa, kwa kuwa kiasi kidogo kinatosha. Osha dagaa vizuri, wakaushe, wakaange bila mafuta kisha wasage wazima na kuchekecha. Kijiko cha mezani kilichojaa kwenye uji au mboga kina protini inayokaribia ya yai moja, na mifupa iliyosagwa inampa madini ya chokaa. Upike uji huo uchemke na dagaa wake, na kama dagaa walitiwa chumvi, usiongeze nyingine.

Karanga nazo ni nzuri, zina robo ya uzito wao protini na mafuta ya kumpa mtoto nguvu. Hatari yake ni sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Nunua karanga nzima uzichambue mwenyewe, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye uchungu. Zilizosagwa tayari huwezi kujua zilikuwaje. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, zisage laini, kwa sababu karanga nzima inaweza kumpalia.

Mtoto akivimba miguu, nywele zikibadilika rangi na kunyonyoka, au akikonda huku hataki kula, usijaribu kumtibu kwa uji wa dagaa nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.