Bolti Nene Haiokoi Ukingo Mfupi

Kiungo cha kenchi kikiachia, fundi wengi hukimbilia bolti nene zaidi. Wakati mwingine ndiyo inayokimaliza kabisa.

Chukua ukanda wa chini wa kenchi ya chuma, ule unaovutwa paa likielemewa. Flatibaa mbili zenye upana wa milimita 60 na unene wa 6 zimelaliana, zikafungwa kwa bolti mbili za M12, gredi 8.8, moja nyuma ya nyingine. Mvuto ni kilonewtoni 40, karibu uzito wa tani nne. Kila bolti inabeba 20.

Hatari ya kwanza ni bolti kukatika. Flatibaa zikivutana huku na huku, zinaikata kama mkasi. Penye nyuzi, M12 ina milimita za mraba 84.3 za chuma. Tarakimu 8 ya mwanzo kwenye gredi ina maana ya newtoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na kwa kukatwa huhesabiwa asilimia 60 yake. Ukigawanya kwa 1.25 kwa ajili ya usalama, unapata kilonewtoni 32. Bolti iko salama.

Halafu kuna tundu. Bolti hulikandamiza ukuta wake kwenye eneo la 12 kwa 6, yaani milimita za mraba 72. Chuma cha kawaida cha S235 kina nguvu ya 360. Tukikigawanya nacho kwa 1.25 na kuhesabu kwa tahadhari, ukuta unabeba karibu kilonewtoni 20.7. Umepita, kwa chupuchupu. Ukizidiwa, tundu hurefuka na kuwa kama yai, dalili inayoonekana kwa macho.

Ukingo ndio wenye hila. Tuseme fundi ametoboa tundu la milimita 13, kitovu chake kikiwa milimita 15 tu kutoka mwisho wa flatibaa. Chuma kilichobaki mbele ya tundu ni milimita 8.5, na kinachanika pande mbili: 2 × 8.5 × 6, milimita za mraba 102. Kwa asilimia 60 ya 360, ikigawanywa kwa 1.25, kinahimili kilonewtoni 17.6. Mzigo ni 20. Kitachomoka.

Sasa weka M16. Tundu linakuwa milimita 18, mbele yake inabaki milimita 6, na uwezo unashuka hadi kilonewtoni 12.4. Bolti imenenepa, kiungo kimedhoofika!

Sogeza kitovu cha M12 hadi milimita 25 kutoka mwisho, na ukingo ule ule unabeba kilonewtoni 38. Kwa hiyo kabla ya kununua bolti, pima ukingo kwa rula. Ukikuta umevimba mbele ya tundu, bolti nene haitausaidia: badilisha flatibaa.