Deni la Nyumbani, Deni la Duka

Afisa wa mikopo anapofungua stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita, hashughuliki sana na jumla ya pesa zilizoingia. Anachotafuta ni mauzo. Wafanyabiashara wengi wadogo nchini Kenya wananyimwa mkopo wa kuzungusha biashara ilhali duka linauza vizuri, kwa sababu mauzo hayo hayaonekani popote.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Wateja humlipa kwa namba yake ya simu, na kwa mwezi huingia shilingi 620,000. Ndani yake mna 160,000 za chama, kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina. 60,000 za karo zilizotumwa na kaka yake. Na 40,000 alizokopa kwenye simu. Mauzo halisi ni 360,000. Yeye anajua pesa ipi ni ipi, lakini afisa anaona majina ya watu tu. Asipoweza kutofautisha mteja na mwanachama, hukadiria chini, na mkopo hupungua au hukosekana kabisa.

Kuna shida nyingine iliyojificha zaidi. Jioni moja salio halitoshi kulipia umeme wa nyumbani, mama anatumia Fuliza. Kesho yake fundi analipia mifuko ya saruji, na kabla mama hajaishika pesa hiyo, deni la Fuliza linakatwa humo humo. Saruji imeuzwa, nyumba ndiyo iliyolipiwa, na pesa ya kununulia saruji nyingine imepungua. Mambo hayo yakijirudia kila wiki, stetimenti inaonyesha mtu anayeishi kwa kukopa, hata kama duka lenyewe lina faida.

Kiasi anachohitaji hasa kinaweza kuhesabiwa. Mauzo ya 360,000 kwa mwezi ni kama 12,000 kwa siku, na bidhaa hizo humgharimu 9,000. Mzigo hukaa dukani siku 40 kabla ya kuuzwa. Wakandarasi, ambao ndio wateja wake wakubwa, hulipa baada ya siku 20. Msambazaji naye humpa siku 15 za kulipa. Jumlisha 40 na 20, toa 15: pesa yake imefungwa kwa siku 45. Siku 45 mara 9,000 ni 405,000. Akiwa na 250,000 zake mwenyewe, pengo ni 155,000. Hesabu hii ina uzito kuliko kusema “nipe laki tatu nijaribu”, lakini haiwezekani mpaka mauzo yajulikane.

Kwa hiyo kazi huanza na pesa zenyewe. Achukue til ya biashara, malipo yake yaingie katika akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina la duka, na msambazaji alipwe kutoka humo. Nyumba ipate mshahara: kiasi kimoja, siku moja ya mwezi, kikihamishwa kwenda namba yake ya kawaida. Karo ikizidi, asichote dukani kimyakimya. Aandike kwamba duka limemkopesha. Hapa ndipo wengi huteleza, na mimi naona nidhamu hii ya mshahara ni ngumu kuliko makaratasi yote.

Makaratasi nayo yana mipaka yake. Kusajili jina la biashara hakumtengi na duka. Kisheria yeye na duka bado ni mtu mmoja, na deni la duka ni lake. Kinachotenga ni kampuni ya limitedi, ambayo tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja anaweza kuianzisha peke yake. Kampuni hupata PIN yake ya KRA inayoanza na P, badala ya A ya mtu binafsi, na mkopo wake unaweza kuandikwa CRB kwa jina lake.

Hata hivyo, kampuni changa haina historia, na si mahali pa kujificha. Benki huomba CR12, hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kisha huangalia rekodi ya CRB ya mkurugenzi mwenyewe. Aliyeshindwa kulipa deni lake binafsi analimaliza kwanza. Taarifa ya kushindwa hubaki kwenye rekodi miaka mitano baada ya kulilipa.

Mara nyingi benki itamtaka pia asaini dhamana ya binafsi, yaani kampuni ikishindwa, yeye atalipa. Sahihi hiyo hurudisha nusu ya kile alichokuwa ametenga. Aulize kabla ya kusaini: je, dhamana ni ya mkopo huu tu, au ni ya madeni yote ya kampuni, hata yatakayokuja? Na akimaliza kulipa, adai barua ya kufutwa kwa dhamana.